Vibainishi *du*, *de la* na *des*: jinsi ya kuvieleza kwa Kiswahili

Swali: Mimi ni mwalimu wa Kifaransa katika shule ya sekondari mjini Arusha. Ninapofundisha *du*, *de la* na *des* huwaambia wanafunzi kwamba maana yake ni "baadhi ya" au "kidogo", lakini tafsiri zao zinatoka za ajabu, na wakirudi kwenye Kifaransa wanaandika *je mange riz* au *je mange le riz* bila kuona tofauti. Je, maneno haya yanaelezwaje kwa Kiswahili sahihi?

Jibu: Mwalimu, katika sentensi nyingi maneno haya hayatafsiriwi kwa neno lolote. *Je mange du riz* ni "ninakula wali", na *elle achète de la viande* ni "ananunua nyama", basi. Nomino ya Kiswahili ikisimama peke yake baada ya kitenzi, bila kionyeshi, bila kivumishi cha idadi na bila kiambishi chake ndani ya kitenzi, tayari inabeba maana ile ile ambayo Mfaransa analazimika kuitamka kwa *du*, *de la* au *des*. Lakini jibu hili peke yake halimsaidii mwanafunzi anayetoka kwenye Kiswahili kwenda kwenye Kifaransa, kwa sababu nomino tupu ya Kiswahili inaweza pia kuwa na maana ya *le* na *la*. Ili atofautishe hali hizo mbili, inafaa ajue kwamba Kiswahili nacho kina njia zake za kuonyesha kama kitu kinajulikana au hakijulikani, ila njia hizo hazikai mbele ya nomino. Zinakaa ndani ya kitenzi na katika mpangilio wa maneno.

Kwanza tuone kwa nini "baadhi ya" inavutia na kwa nini inapotosha. Kimaumbo, *du* ni muungano wa *de* na *le*. Katika Kifaransa cha zamani, mtu aliweza kutumia nomino tupu kama sisi, na alipoweka *de* pamoja na *le* alikuwa akizungumzia sehemu ya kitu mahususi, kwa mfano sehemu ya divai iliyokwisha kuletwa mezani. Hapo "baadhi ya" ingefaa kabisa. Baadaye muungano huo ukapoteza ile maana ya kumega sehemu kutoka kwenye kitu kinachojulikana, ukageuka kuwa kibainishi cha kawaida kinachotangulia nomino zisizohesabika. Leo anayesema *je bois du lait* hana mtungi wowote wa maziwa akilini ambao anaugawa. Anachosema ni kwamba kinywaji chake ni maziwa, na kiasi chake hakitaji. Mabaki ya hali ya zamani bado yapo katika misemo kama *avoir faim*, *avoir soif* na *avoir peur*, ambayo haina kibainishi chochote, na mwanafunzi wako anayejua kwamba "ana njaa" ni *il a faim* hana budi kuizoea misemo hiyo kama ilivyo, asije akaandika *il a de la faim* kwa kufuata kanuni anayofundishwa leo.

"Baadhi ya" kwa Kiswahili inahitaji jumla inayojulikana ambayo sehemu yake inatengwa. "Baadhi ya wanafunzi wamechelewa" maana yake kuna wanafunzi tunaowafahamu, na miongoni mwao wapo waliochelewa. Kifaransa chake ni *certains élèves sont en retard*, wala si *des élèves* tu. Mtu akisema "nimekunywa baadhi ya maziwa", msikilizaji atauliza ni maziwa yapi na yaliyobaki yako wapi. Sentensi hiyo ikirudishwa kwenye Kifaransa itakuwa *j'ai bu une partie du lait*, na hiyo ni habari nyingine kabisa.

"Kidogo" nayo ina hatari yake. Ni kweli kwamba tunapoomba kitu kwa adabu tunasema "naomba maji kidogo" hata kama kiu ni kubwa, na mtu wa Paris katika hali hiyo anaweza kusema *je voudrais de l'eau*. Katika maombi ya namna hiyo tafsiri hizo mbili zinakutana vizuri. Lakini "kidogo" inataja kiasi, na *du* haitaji kiasi. Jaribu kuitumia katika sentensi ya sifa uone: *ma grand-mère a de la patience* ni "bibi yangu ana subira", na ni sifa njema. Ukisema "bibi yangu ana subira kidogo", umempunguzia sifa, na pengine umemkosea heshima. Vivyo hivyo *il a de l'argent* ni "ana pesa", kauli ambayo kwa Kiswahili na kwa Kifaransa inaweza kumaanisha kwamba mtu huyo ni tajiri. "Ana pesa kidogo" ni kinyume chake. Kwa hiyo ningeliondoa neno hili katika maelezo ya darasani, na kulibakiza kwa *un peu de* ambako ndiko linakostahili.

Sasa tuje kwenye kiambishi cha yambwa, ambacho kwa maoni yangu ndicho ufunguo wa somo zima. Linganisha sentensi hizi mbili:

"Nimenunua mchele."
"Nimeununua mchele."

Mzungumzaji wa Kiswahili hahitaji kufundishwa tofauti yake. Sentensi ya kwanza inampa msikilizaji habari mpya, kwamba katika manunuzi yangu kuna mchele. Ya pili inahusu mchele ambao tulikwisha kuutaja, labda ule ulionituma, au ule tuliouona jana dukani. Kwa Kifaransa ya kwanza ni *j'ai acheté du riz* na ya pili ni *j'ai acheté le riz*. Ile "u" ndogo iliyoingia kabla ya mzizi wa kitenzi ndiyo inayofanya kazi ambayo Mfaransa anaifanya kwa kubadilisha *du* kuwa *le*. Ni hivyo hivyo kwa "watoto wamekunywa maziwa", *les enfants ont bu du lait*, dhidi ya "watoto wameyanywa maziwa", *les enfants ont bu le lait*. Mama anayesikia sentensi ya pili anajua mara moja kwamba ni maziwa yake aliyoyaweka kwa ajili ya chai.

Uzuri wa jambo hili unaonekana zaidi katika majibu mafupi. Mtu akikuuliza "umenunua sukari?", unaweza kujibu "ndiyo, nimenunua" au "ndiyo, nimeinunua". Jibu la kwanza ni *oui, j'en ai acheté*, na la pili ni *oui, je l'ai acheté*. Kiwakilishi *en*, ambacho huwasumbua sana wanafunzi, ndicho kinachosimama badala ya nomino yenye *du*, *de la* au *des*, na katika Kiswahili mahali pake huwa patupu. Mwanafunzi akizoea kusikiliza kitenzi chake mwenyewe, atajua kwamba penye kiambishi cha yambwa kinachorejelea kitu Kifaransa kitataka *le*, *la* au *les*, na pale ambapo kitenzi kimekaa bila kiambishi lakini kitu kinaeleweka, Kifaransa kitataka *en*. Mfaransa hawezi kusema *oui, j'ai acheté* akaishia hapo, kwa hiyo kosa hili la kuisahau *en* ni la kutegemewa kutoka kwa Mswahili, na mwalimu anaweza kulitambua chanzo chake mara moja.

Kipimo hiki kina mipaka miwili ambayo ni lazima ielezwe darasani. Mpaka wa kwanza ni kwamba kiambishi kikiwepo kwa nomino ya kitu kisicho na uhai, karibu kila mara kitu hicho kinajulikana. Lakini kisipokuwepo, hatuwezi kuhitimisha kwamba hakijulikani. Watu wengi husema "umeleta ule mchele?" bila kusema "umeuleta", na hapo ni "ule" unaofanya kazi. Mara nyingine mazingira peke yake yanatosha: mama akimwambia mtoto aliye jikoni "lete chumvi", anamaanisha chumvi ya nyumbani iliyomo koponi, na Kifaransa chake ni *apporte le sel*. Akimwambia anayekwenda dukani "lete chumvi", Kifaransa ni *rapporte du sel*. Kwa hiyo mwanafunzi ajiulize kama angeweza kuongeza kiambishi au "ile" bila kubadilisha anachotaka kusema. Ikiwa inawezekana, aandike *le* au *la*. Ikiwa kuongeza kunaharibu maana, aandike *du* au *de la*.

Mpaka wa pili unahusu viumbe hai. Tunasema "nimemwona mtu" hata kama mtu huyo hatumjui, kwa sababu nomino za watu na wanyama huvuta kiambishi cha yambwa bila kujali kama zinajulikana. Hapa kipimo chetu hakifanyi kazi, ila katika eneo moja ambalo kwa bahati nzuri ndilo linalotuhusu zaidi, yaani chakula. Kuku anapokuwa kitoweo hupoteza heshima ya kiumbe hai, na tunasema "tumekula kuku", *nous avons mangé du poulet*. Ukisema "tumemla kuku", kuna kuku fulani, pengine yule aliyekuwa akizunguka uani tangu asubuhi, na Kifaransa kitasema *nous avons mangé le poulet*. Ukitaka *un poulet*, yaani kuku mmoja na si minofu ya kuku, Kiswahili kitaongeza neno: "tumekula kuku mzima". Samaki naye ni hivyo hivyo, na wanafunzi hufurahia kugundua kwamba tofauti ya *du poisson*, *un poisson* na *le poisson* ilikuwemo vinywani mwao siku zote.

Hadi hapa nomino ilikuwa baada ya kitenzi. Nomino ikiwa mtenda, na hasa tunapofika kwenye *des*, Kiswahili hutumia mpangilio wa maneno. "Wageni wamekuja" ni taarifa kuhusu wageni tuliokuwa tukiwasubiri, *les invités sont arrivés*. "Wamekuja wageni" ni taarifa ya ghafla, mama anaitwa atoke jikoni, na Kifaransa chake ni *des invités sont arrivés*. Nomino iliyowekwa mwanzoni mwa sentensi ya Kiswahili husikika kama kitu kinachojulikana tayari, ndiyo maana tafsiri ya *des gens disent que…* haiwi "watu wanasema kwamba…" kila mara. Sentensi hiyo ya Kiswahili ina mwelekeo wa watu kwa jumla, karibu na *on dit que* au *les gens disent que*. Ukitaka *des gens*, yaani watu ambao hatuwataji na si wote, sema "kuna watu wanaosema kwamba…" au "wapo wanaosema kwamba…". Hapo "kuna" na "wapo" ndiyo njia yetu ya kuileta *des* mwanzoni mwa sentensi.

Dukani jambo hili linajitokeza katika umbo lingine. Mteja anauliza "sukari ipo?" naye Mfaransa angeuliza *vous avez du sucre ?* Ingawa nomino iko mbele, "ipo" inaulizia kuwepo kwa bidhaa, haimaanishi sukari fulani inayojulikana. Muuzaji akijibu "sukari imeisha", Kifaransa cha kawaida ni *il n'y a plus de sucre*. Mwanafunzi anayetafsiri neno kwa neno atatoa *le sucre est fini*, ambayo itaeleweka lakini inaelekeza kwenye sukari fulani iliyokuwa ikijulikana.

Umbo lile la *de* tupu katika jibu la muuzaji linatuleta kwenye kukanusha. *Du*, *de la* na *des* zikifuata kitenzi kilichokanushwa hubaki *de* peke yake: *je n'ai pas acheté de riz*, "sikununua mchele", *il n'y a pas d'huile*, "hakuna mafuta". *Le* na *la* hazibadiliki: *je n'ai pas acheté le riz*, "sikuununua mchele". Angalia tena jinsi kiambishi cha yambwa kinavyotofautisha sentensi hizi mbili hata katika kukanusha, kwa maana ya kwanza inasema sikurudi na mchele wowote, na ya pili inasema ule mchele tuliozungumzia niliuacha dukani. Kitenzi *être* kinajitenga na kanuni hii kwa sababu hakikanushi kuwepo kwa kitu, kinakanusha utambulisho wake: *ce n'est pas du lait, c'est de l'eau*, "si maziwa, ni maji". Nasi tumetenganisha hali hizo mbili kwa maneno tofauti kabisa, "hakuna" na "si". Kwa hiyo palipo na "hakuna", "hana" au kitenzi chenye kikanushi, mwanafunzi aandike *de*. Palipo na "si" ya utambulisho, aiache *du* kama ilivyo.

Vivyo hivyo kiasi kikitajwa, kibainishi huondoka na *de* hubaki: *deux kilos de riz*, "kilo mbili za mchele", *un verre d'eau*, "glasi ya maji", *beaucoup de riz*, "mchele mwingi". Sababu ni rahisi. *Du* hutumika pale kiasi kisipotajwa, na hapa kimetajwa.

Vitenzi vya kupenda na kuchukia vinastahili neno lake. *Aimer*, *adorer*, *préférer* na *détester* huchukua *le*, *la* au *les*, kwa sababu mtu anayependa maziwa hapendi kiasi fulani cha maziwa, anapenda maziwa kama maziwa. "Watoto wanapenda maziwa" ni *les enfants aiment le lait*, ilhali "watoto hunywa maziwa asubuhi" ni *les enfants boivent du lait le matin*. Kiambishi "hu" cha mazoea huwadanganya baadhi ya wanafunzi, wakadhani kwamba kwa kuwa ni jambo la siku zote basi ni jumla, na hivyo wanaandika *le lait*. Mazoea ni ya kitendo, si ya kinywaji. Kila asubuhi kinanywewa kiasi fulani tu, na *boire* inataka *du*. Kiambishi cha yambwa hakitutupi hata hapa: "maziwa, watoto huyapenda" inakubalika vizuri sana, na Kifaransa chake ni *le lait, les enfants l'aiment*.

Kuna pia *du* ambayo si kibainishi cha sehemu hata kidogo, nayo ni ile ya *de* kama kihusishi iliyoungana na *le*. Kwa Kiswahili hii ina tafsiri iliyo wazi, kwa kawaida kiunganishi cha "-a": *le prix du riz* ni "bei ya mchele", *la porte de la maison* ni "mlango wa nyumba". Wakati mwingine huwa ni mahali pa kutokea: *je viens du marché* ni "natoka sokoni". Njia ya kuitambua ni kuikanusha sentensi. *Je ne viens pas du marché* haibadilishi *du* kuwa *de*, kwa hiyo hii si ile tunayoizungumzia. Nadhani sehemu ya mkanganyiko wa wanafunzi wako inatoka hapa, kwa sababu walijifunza *du* ya "bei ya mchele" kwanza, na "ya" ile wakaihamishia kwenye *je mange du riz*.

Sasa tuangalie kifungu kifupi kinachoweza kutumika darasani:

*Ce matin, Mama Amina est allée au marché. Elle a acheté du riz, de la viande et des haricots. Il n'y avait pas d'huile. Elle a lavé le riz, elle a mis du sel dans l'eau, puis elle a mis la viande de côté. Les enfants aiment la viande, mais le soir ils mangent surtout des haricots. Il reste du riz. Tu en veux?*

Tafsiri ninayoipendekeza ni hii:

"Leo asubuhi Mama Amina alikwenda sokoni. Alinunua mchele, nyama na maharage. Mafuta hayakuwapo. Aliuosha mchele, akatia chumvi ndani ya maji, kisha nyama akaiweka kando. Watoto wanapenda nyama, lakini jioni hula zaidi maharage. Umebaki wali, utakula?"

Katika sentensi ya pili nomino tatu zinaingia kwa mara ya kwanza, nazo zimeachwa tupu. Kitenzi hakina kiambishi cha yambwa. Sentensi ya nne inarudi kwenye mchele ule ule, na mara *du riz* inapogeuka kuwa *le riz*, "alinunua" inafuatwa na "aliuosha". Chumvi ni ngeni katika hadithi, kwa hiyo "akatia chumvi" haina kiambishi. Nyama tunaijua tayari, kwa hiyo imesogezwa mbele na kitenzi kimepewa "i": "nyama akaiweka kando". Maji ndiyo yanayoonyesha mpaka wa kipimo chetu. Kifaransa kinasema *l'eau*, maji ambayo hayakutajwa kabla, kwa sababu msomaji anajua kwamba mchele hauchemki bila maji. Kiswahili hakikuweka alama yoyote, na hakuna haja ya kulazimisha "yale maji".

Sentensi ya mwisho inahitaji uangalifu zaidi. Ningeandika "wali umebaki", msomaji angeelewa kwamba wali tunaoujua haukuliwa, jambo lililo karibu na *le riz est resté*. "Umebaki wali" inatangaza kuwepo kwa wali, na ndiyo maana ya *il reste du riz*. Kisha *tu en veux ?* imekuwa "utakula?" bila kiambishi, kwa sababu mgeni anakaribishwa ale kiasi atakacho. "Utaula?" ingekuwa kumuuliza kama ataumaliza wali huo. Na jinsi *riz* ilivyokuwa mchele ilipokuwa sokoni na wali ilipokuwa mezani ni jambo la msamiati tu, lakini mwanafunzi alikumbuke anapotafsiri kurudi nyuma, maana mpunga, mchele na wali vyote vitakuwa *riz*.

Limebaki suala ambalo Kiswahili hakiwezi kumsaidia mwanafunzi, nalo ni kuchagua kati ya *du*, *de la* na *des* baada ya kujua kwamba kibainishi cha sehemu kinahitajika. Ngeli zetu hazina uhusiano wowote na jinsi ya kiume na ya kike ya Kifaransa. Hata umoja na wingi havilingani. "Maji", "maziwa" na "mafuta" yana upatanisho wa wingi, lakini Kifaransa kinasema *de l'eau*, *du lait* na *de l'huile* kwa umoja. Ukiona *des laits* katika daftari, "ma" ya maziwa ndiyo iliyomwongoza mwanafunzi huko. Mahindi tunayahesabu, tunachoma mawili au matatu, lakini yanapouzwa kwa kilo ni *du maïs*. Kinyume chake, mchicha kwetu ni umoja, "mchicha umeiva", ilhali Kifaransa kinataka wingi, *des épinards*, na tambi ni *des pâtes*. Haya hayana kanuni ya kuyapata kutoka upande wetu.

Kwa sababu hiyo nakushauri uache kuandika ubaoni nomino yenye *le* au *la* peke yake na uandike kila jina la chakula pamoja na kibainishi chake cha sehemu ndani ya sentensi fupi yenye *acheter* au *manger*, kwa mfano *j'achète de la farine*, *j'achète du sel*, *j'achète des haricots*. Maneno yanayoanza kwa irabu yaandikwe pamoja na kivumishi kimoja kinachofichua jinsi yake, kwa kuwa *de l'* huificha: *de l'eau froide*, *de l'huile chaude*. Katika *haricots* wafundishe kwamba *h* inazuia muunganiko, kwa hiyo *des haricots* hutamkwa bila sauti ya "z" katikati, na katika kukanusha huandikwa *pas de haricots*, si *pas d'haricots*, ingawa *huile* nayo inaanza kwa *h* na inasema *pas d'huile*.